Deni Lipi Lilipwe Kwanza?

Mwisho wa mwezi ukifika, ofisi nyingi za wauzaji wa jumla huwatumia wateja wao wa mkopo barua pepe yenye sentensi tatu. "Tafadhali pokea taarifa ya akaunti yako kama ilivyoambatanishwa. Salio lako ni shilingi 14,600,000. Tunaomba ulipe mapema iwezekanavyo." Chini yake kuna jina la mhasibu, na pembeni kiambatisho cha PDF chenye safu na mistari mingi.

Mteja huisoma akiwa dukani, simu mkononi, huku anahudumia watu. Milioni kumi na nne hana. Kiambatisho akikifungua, herufi ni ndogo na safu ya mwisho haionekani mpaka asogeze ukurasa kwa kidole. Anaifunga barua. Siku chache baadaye anatuma milioni moja au mbili bila kusema ni za nini. Au analipa ankara ya wiki iliyopita, kwa kuwa ndiyo iliyo juu kwenye faili lake na mzigo wake bado haujaisha kwenye rafu. Ankara ya Juni inabaki ilipokuwa, na mwezi unaofuata imeongeza siku thelathini nyingine.

Wahasibu wengi wakiona hivyo husema mteja ni msumbufu. Mimi naona mara nyingi lawama hiyo si ya haki. Mteja aliombwa fungu moja kubwa ambalo sehemu yake hata haijafika tarehe ya kulipa, na hakuambiwa aanze wapi. Barua iliyomfikia haikuwa na jibu la swali pekee alilokuwa nalo: nikipata fedha kidogo wiki hii, nilipe ipi?

Tuchukue mfano na tuufuate hadi mwisho. Msambazaji wa vifaa vya ujenzi wa Dar es Salaam anamuuzia kwa mkopo mwenye duka la vifaa vya ujenzi Morogoro. Masharti ni kulipa ndani ya siku 30 tangu tarehe ya ankara. Kikomo cha mkopo ni shilingi milioni 15. Sharti jingine, lililomo katika makubaliano yao, ni kwamba ankara isiyo na ubishi ikipita siku 60 baada ya tarehe yake ya kulipa, gari halipakii mzigo mpya mpaka ankara hiyo ilipwe. Jioni ya tarehe 30 Septemba vitabu vya msambazaji vinaonyesha ankara sita ambazo hazijafungwa.

Ankara 1187 ya 12 Mei ni shilingi 1,450,000. Ankara 1203 ya 9 Juni ni 2,300,000. Ankara 1241 ya 14 Julai ni 3,120,000. Ankara 1278 ya 18 Agosti ni 2,640,000. Za Septemba ni mbili: 1302 ya tarehe 8, shilingi 4,200,000, na 1315 ya tarehe 24, shilingi 1,890,000. Jumla ni 15,600,000. Kuna pia malipo ya shilingi 1,000,000 yaliyoingia benki tarehe 5 Septemba bila maelezo yoyote. Ukiyatoa, unapata ile 14,600,000 iliyoandikwa kwenye barua.

Hesabu hiyo ni sahihi hadi shilingi ya mwisho, lakini kwa mlipaji haina msaada. Ili barua iweze kumwelekeza, kuna kazi ya kufanywa kwenye vitabu kabla ya kuandika neno lolote, na kazi hiyo ndiyo inayorukwa zaidi.

Ianze kwenye namna ya kuhesabu umri wa deni. Ripoti ya umri wa madeni hugawa salio katika mafungu: siku 1 hadi 30, 31 hadi 60, 61 hadi 90, na zaidi ya 90. Swali ni siku hizo zinahesabiwa tangu lini. Tally, programu ya hesabu inayotumika katika ofisi nyingi za Afrika Mashariki, humpa mhasibu njia mbili: `Ageing by Bill Date`, yaani tangu tarehe ya ankara, na `Ageing by Due Date`, yaani tangu tarehe ya kulipa. Katika mfano wetu tofauti ya njia hizo ni siku 30 kamili. Ankara 1278, kwa njia ya kwanza, ina umri wa siku 43 na inaangukia fungu la 31 hadi 60. Kwa njia ya pili imechelewa siku 13 tu na iko katika fungu la mwanzo. Ankara 1203 ina siku 113 kwa njia moja na 83 kwa nyingine.

Mteja akiona mbele ya ankara yake ya Agosti fungu la siku 31 hadi 60, atadhani anaambiwa amechelewa zaidi ya mwezi, ilhali tarehe yake ya kulipa imepita kwa chini ya wiki mbili. Atabisha, na atakuwa na haki ya kubisha. Wakati huo mnajadili tarehe badala ya malipo. Kwa barua inayokwenda kwa mteja, hesabu siku tangu tarehe ya kulipa, na useme hivyo waziwazi. Ndivyo inavyohesabu pia IFRS 9, kanuni ya kimataifa ya uhasibu iliyoanza kutumika 1 Januari 2018: huhesabu siku tangu malipo yalipotakiwa, na likipita siku 90 deni huhesabiwa kuwa limeshindwa kulipwa, isipokuwa kama mhasibu ana ushahidi wa kutosha kuonyesha vinginevyo.

Wanaotayarisha taarifa kwenye Excel wana mtego wao mdogo. Wengi huandika fomula inayotumia `TODAY()`, hivyo siku hubadilika kila faili linapofunguliwa. Mteja anayefungua taarifa ya Septemba tarehe 9 Oktoba anaona siku 92 mahali ambapo barua inasema 83, na anaacha kuziamini zote mbili. Weka tarehe ya taarifa kwenye kisanduku kimoja, tuseme B1, na tarehe ya kulipa ya kila ankara kwenye safu ya C, kisha andika:

```
=MAX(0,$B$1-C5)
```

Ankara ambayo haijafika tarehe ya kulipa itaonyesha sifuri, na zilizopita zitaonyesha idadi ileile ya siku hata faili likifunguliwa mwaka ujao.

Kazi ya pili ni ile milioni moja ya tarehe 5 Septemba. Malipo yasiyopangiwa ankara huharibu ripoti ya umri kwa namna ambayo si rahisi kuiona. Kwenye Tally yakiingizwa kama `On Account`, badala ya `Agst Ref` inayoyafunga na ankara fulani, hukaa peke yake kama kiasi cha kutoa, wala hayapunguzi ankara yoyote. Jumla inatoka sahihi, lakini mafungu yanadanganya: ankara ya Mei inaonekana haijaguswa kabisa wakati huenda mteja amekwisha kuilipa kwa sehemu kubwa.

Nani ana haki ya kuamua fedha hizo ziende wapi? Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo Sheria ya Mikataba ya Tanzania iliandikwa kwa kuifuata, inaweka utaratibu unaoeleweka. Mdaiwa akisema analipa deni gani, mdai akipokea lazima afuate alivyosema. Asiposema, mdai anaweza kuchagua. Wote wawili wasipochagua, malipo huanza na deni la zamani. Msambazaji wetu, basi, angeweza kuipeleka milioni ile anakotaka. Lakini simu moja kwa mteja ina faida kuliko haki hiyo, na katika mfano huu simu hiyo inafichua jambo.

"Ile milioni ni ya ankara ya Mei," anasema mwenye duka. "Si niliwaambia mifuko ya saruji imeganda? Nimelipa mizima."

Hapo fumbo linafumbuka. Kati ya mifuko iliyokuja na ankara 1187, 25 ilifika ikiwa imeganda kwa unyevu. Kwa bei ya shilingi 18,000 mfuko mmoja, hiyo ni shilingi 450,000. Dereva aliandika hivyo kwenye hati ya kupokelea mzigo, karatasi ikaishia ghalani, na habari haikufika kwa wahasibu. Mteja alitoa 450,000 kwenye 1,450,000, akalipa milioni iliyobaki, na tangu hapo kila mwezi amekuwa akipata barua inayomwonyesha kwamba hajalipa chochote. Si ajabu aliacha kuzisoma.

Nimekaa kwenye jambo hili kwa sababu ndilo linaloziua barua nyingi za madeni. Deni lenye ubishi likichanganywa na lisilo na ubishi, mteja huchukulia ubishi wa laki nne na nusu kuwa sababu ya kusimamisha milioni nane. Likitengwa na kutajwa kwa jina na kiasi chake, mengine hayana tena pa kujificha. Kwa kutenga namna hiyo, salio la 14,600,000 linafunguka katika sehemu tatu. Shilingi 450,000 zina ubishi na zinasubiri jibu la muuzaji. Shilingi 8,060,000, yaani ankara 1203, 1241 na 1278, zimepita tarehe ya kulipa na hakuna anayezibishia. Shilingi 6,090,000 za Septemba hazijafika tarehe. Kiasi cha kuombwa leo ni hicho cha katikati. Barua ya mwanzo iliomba zaidi ya milioni sita juu yake.

Wanaouza huduma, kama usafirishaji au matengenezo, wana aina nyingine ya mabaki ya kutenga. Kodi ya zuio ya asilimia 5 ambayo mteja wa Tanzania hukata kwenye malipo ya huduma huacha mkia kwenye kila ankara: huduma ya shilingi 1,000,000 kabla ya VAT huacha 50,000. Kama cheti cha kodi hiyo hakijaletwa na kuingizwa vitabuni, mikia hii hukusanyika kwenye fungu la zaidi ya siku 90 na kulifanya lionekane baya kuliko lilivyo. Kenya nako, mawakala walioteuliwa huzuia asilimia 2 ya thamani ya mauzo kwa ajili ya VAT, na matokeo yake vitabuni ni yaleyale. Hapo mteja hadaiwi fedha, anadaiwa karatasi. Barua imwombe cheti, kwa sentensi yake peke yake.

Sasa mpangilio. Mtu angeweza kusema basi, la zamani litangulie, na mara nyingi ndivyo inavyotoka. Lakini mteja halipi kwa sababu deni ni la zamani. Hulipa kwa sababu anajua likikaa kitatokea nini. Kwa hiyo kabla ya kupanga, soma masharti ya mkopo na uangalie kila ankara inazuia nini, na kuanzia siku gani.

Ankara 1203 imepita siku 83, kwa hiyo imekwisha vuka zile 60 na ndiyo inayozuia gari kupakia. Ikilipwa peke yake, kufuli hilo linafunguka. Salio pia linashuka hadi 12,300,000, na chini ya kikomo cha milioni 15 nafasi ya kuagiza inapanda kutoka 400,000 hadi 2,700,000. Kwa mwenye duka anayetaka bati kabla ya mvua za vuli, habari hiyo ina uzito kuliko maneno "mapema iwezekanavyo".

Ankara 1241 bado haizuii kitu, lakini ina siku 48, na siku ya 60 itaangukia 12 Oktoba. Huyu ndiye wa pili, na sasa tarehe yake ya mwisho ina maana: isipolipwa kabla ya hapo, kufuli lililofunguliwa kwa 1203 litafungwa tena. Ankara 1278 itafika siku 60 tarehe 16 Novemba, hivyo inaweza kuwa ya tatu bila mtu kupata hofu. Zile 450,000 za Mei zina siku 111, nyingi kuliko zote, lakini haziko kwenye foleni kabisa, kwa kuwa sharti la kuzuia mzigo linahusu ankara zisizo na ubishi. Ripoti ya kompyuta peke yake ingeziweka za kwanza, na barua ingeanza kwa kumkumbusha mteja ugomvi.

Mpangilio huu hubadilika masharti yakibadilika. Kama ipo ankara yenye punguzo kwa anayelipa kabla ya tarehe fulani, mteja huenda akafaidika kuanza nayo, na ni haki kumwambia. Kama mkataba unatoza riba ya ucheleweshaji kwenye baadhi ya ankara tu, hizo hupanda juu. Lisilofaa ni kutaja adhabu ambayo haimo kwenye makubaliano, au ambayo hamjawahi kuitekeleza. Mteja aliyetishiwa kuzuiwa mzigo mwezi uliopita, kisha gari likapakia kama kawaida, amejifunza kwamba barua zenu zinasema tu.

Baada ya hayo yote, kuandika ni kazi fupi. Kichwa cha barua pepe ndicho kinachoonekana kwenye orodha ya simu kabla mtu hajafungua, na mwisho wake mara nyingi hukatwa. Kichwa kama "Taarifa ya Akaunti – Septemba" hakimwambii mtu kitu. Weka namba ya ankara na kiasi mwanzoni. Epuka amri ya "Lipa kwanza". Namba zenyewe zinatosha kusema, na mtu mzima anayefanya naye biashara hapendi kufokewa kwenye kichwa cha barua. Barua yenyewe ingekuwa hivi:

*Ankara 1203, TSh 2,300,000, imepita siku 83 – taarifa ya akaunti hadi 30 Septemba*

*Ndugu Mhasibu, habari za kazi.*

*Tumeambatanisha taarifa ya akaunti yenu. Imehesabu malipo yote yaliyotufikia hadi jioni ya 30 Septemba. Ankara zilizopita tarehe ya kulipa ni tatu, jumla TSh 8,060,000. Tunaomba zilipwe kwa mpangilio huu:*

*Kwanza, ifikapo Ijumaa 3 Oktoba: Ankara 1203, TSh 2,300,000, imepita siku 83. Hii ndiyo inayozuia mzigo wenu mpya kupakiwa. Ikilipwa, mtaweza kuagiza bidhaa za hadi TSh 2,700,000.*

*Pili, ifikapo Ijumaa 10 Oktoba: Ankara 1241, TSh 3,120,000, imepita siku 48. Itatimiza siku 60 tarehe 12 Oktoba.*

*Tatu, ifikapo Ijumaa 24 Oktoba: Ankara 1278, TSh 2,640,000, imepita siku 13.*

*Kama fedha hazitoshi kwa zote, tafadhali anzeni na ya juu.*

*Ankara 1187: TSh 1,000,000 mliyotuma 5 Septemba tumeiingiza hapa, kama mlivyotueleza kwa simu. TSh 450,000 zilizobaki ni za mifuko 25 ya saruji iliyoganda. Msizilipe kwa sasa. Tutawapa jibu la maandishi ifikapo 7 Oktoba.*

*Ankara 1302 na 1315, jumla TSh 6,090,000, hazijafika tarehe ya kulipa. Tarehe zake ni 8 na 24 Oktoba.*

*Tafadhali andikeni namba ya ankara kwenye maelezo ya malipo. Akaunti yetu ya benki ni ileile iliyochapishwa kwenye ankara zenu, haijabadilika. Siku zote tumehesabu kuanzia tarehe ya kulipa, si tarehe ya ankara. Mkiona tofauti na vitabu vyenu, nipigieni kabla ya Ijumaa.*

Tazama kwamba salio la 14,600,000 halimo kabisa ndani ya barua. Limo kwenye kiambatisho, mahali pake. Wakubwa wa ofisi mara nyingi hupinga hapa: wanataka mteja "ajue anadaiwa kiasi gani". Anajua. Jumla kubwa ikitangulia, macho huishia hapo, na mistari mitatu ya maana husomwa kama maelezo ya ziada. Kama lazima iwepo, ikae mwisho, ikiwa imegawanywa katika sehemu zake tatu ili mteja aone inavyotokea.

Tazama pia kwamba hakuna jedwali. Jedwali la safu saba linalopendeza kwenye kompyuta huvunjika kwenye simu, na kiasi cha ankara moja kikaonekana kimekaa mbele ya nyingine. Mistari mitatu ya maneno haivunjiki. Ankara zilizopita tarehe zikiwa nyingi, kumi au kumi na tano, bado usiziandike zote. Zigawe katika mafungu mawili au matatu kulingana na tarehe ya kulipwa, toa jumla ya kila fungu, taja kwa namba zile za fungu la kwanza tu, na mengine yasomwe kwenye kiambatisho. Kiambatisho nacho kipangwe kwa mfuatano uleule wa barua. Mteja akiona 1203 juu ya barua kisha aikute mstari wa nne wa taarifa, itabidi aanze kutafuta.

Sentensi ya akaunti ya benki imewekwa kwa sababu ya wizi. Kuna wanaoingilia barua pepe za biashara na kutuma ujumbe unaofanana na wa muuzaji, wenye namba mpya ya akaunti, na taarifa ya mwisho wa mwezi ndiyo nafasi yao nzuri kwa kuwa mteja anatarajia kuipata. Usiandike namba ya akaunti upya kila mwezi. Mrejeze mteja kwenye ankara alizonazo, na azoee kwamba mabadiliko ya akaunti huthibitishwa kwa simu, kwa namba anayoijua tangu zamani.

Nani apelekewe? Anayelipa, si anayeagiza. Kwenye duka huenda ni mtu mmoja. Kwenye kampuni au hoteli ni ofisi mbili ambazo huenda hazizungumzi. Sentensi kuhusu mzigo kuzuiwa humgusa anayeagiza zaidi ya anayelipa, hivyo nakala kwa ofisa manunuzi husaidia, mradi msiiweke kama mashtaka. Ulizeni pia siku yao ya malipo. Kampuni nyingi hulipa mara moja kwa wiki, na hufunga orodha ya malipo siku moja au mbili kabla. Barua inayofika Ijumaa mchana kwa kampuni inayofunga orodha Alhamisi imechelewa wiki nzima hata kama imeandikwa vizuri namna gani.

Utajuaje kama barua imefanya kazi? Usiangalie jumla iliyoingia peke yake, kwani huenda mteja amepata tenda tu. Angalia umbo la malipo. Ikiingia 2,300,000 kamili, yenye 1203 kwenye maelezo, barua imesomwa. Ikiingia 2,000,000 bila neno, haikusomwa au haikueleweka, na simu ipigwe siku hiyohiyo kabla fedha hazijaingizwa vitabuni, ili zisirudi kuwa zile za `On Account`. Mteja akituma 3,000,000 na kuandika "1203 na sehemu ya 1241", ingiza 2,300,000 na 700,000 kama alivyosema, na umtumie mstari mmoja wa kuthibitisha kwamba 1241 sasa imebaki 2,420,000. Majibu nayo yana habari. Swali "hii ankara ni ya nini?" maana yake hana nakala, kwa hiyo mwezi ujao nakala za ankara za fungu la kwanza ziambatane na barua. Swali hilohilo likija kutoka kwa wateja wengi, huenda ankara zenu haziwafikii walipaji kabisa, na tatizo liko kwenye ghala au kwa madereva.

Lipo pia jambo ambalo barua nzuri haiwezi kulifanya. Mwenye duka ambaye mauzo yake yameshuka hana milioni mbili na laki tatu ifikapo Ijumaa, hata ukimpangia vizuri. Lakini huyu hujitokeza mapema zaidi. Aliyeombwa milioni kumi na nne hukaa kimya, kwa kuwa hana la kusema. Aliyeombwa ankara moja yenye tarehe anaweza kupiga simu na kusema ataleta laki nane kila Ijumaa kwa wiki tatu. Laki nane mara tatu ni 2,400,000: zinaifunga 1203 na kuacha 100,000 za kupunguza 1241. Patano la namna hiyo liandikwe kwenye barua pepe siku hiyohiyo, likitaja ankara, kiasi na tarehe tatu. Lisemwe pia kwamba malipo ya mwisho yataingia tarehe 17 Oktoba, na kwamba 1241 itakuwa imetimiza siku 60 siku tano kabla ya hapo, hivyo wakubaliane mapema kama mzigo utapakiwa au la.

Na zile 450,000? Hati ya kupokelea mzigo ikipatikana ghalani na saini ya dereva ikiwapo, msambazaji atoe hati ya kupunguza deni, ataje ndani yake namba 1187 na mifuko 25, na aitume kabla ya 7 Oktoba kama alivyoahidi. Taarifa ya Oktoba itatoka bila ankara ya Mei. Hati isipopatikana, uamuzi bado unatakiwa ndani ya tarehe hiyo, hata kama ni kugawana hasara, kwa sababu kila mwezi ankara hiyo inapobaki kwenye taarifa ikisubiri jibu la muuzaji, mteja ana sababu halali ya kutoisoma barua yote.